Anzeni na sentensi ya mwisho: namna ya kuhariri kisa cha mteja

Hotuba hii ilitolewa Mwanza mbele ya waandishi na maafisa mawasiliano wa kampuni ndogo, vikundi na mashirika ya kanda ya ziwa. Imewekwa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.

Ndugu zangu, kina mama, kina baba, na vijana mliovuka maji kuja hapa, shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine habari za asubuhi.

Leo tuna rasimu moja mezani, na tutaihariri mpaka iive. Niseme mapema kwamba mteja aliyemo, kampuni iliyomo na hesabu zake zote ni vya kutunga, kwa ajili ya somo hili tu. Lakini kazi inayozungumziwa mnaijua. Kampuni inatengeneza vichanja vya kuanikia dagaa. Mteja ni mama anayenunua dagaa wabichi kwa wavuvi pale Igombe, anawaanika, kisha anawapeleka soko la Mwaloni Kirumba. Zamani alikuwa anaanika mchangani. Sasa anaanika juu ya vichanja. Kampuni inataka kisa hicho kisomwe na wateja wengine. Rasimu iliyoletwa inasema hivi:

"Kampuni yetu ilianzishwa kwa lengo la kuleta mapinduzi katika mnyororo wa thamani wa mazao ya uvuvi. Kupitia ubunifu wetu, wanawake wengi wamewezeshwa. Mmoja wao ni mama wa Igombe ambaye alikuwa akikabiliwa na changamoto mbalimbali. Baada ya kujengewa uwezo na kupatiwa vichanja vya kisasa, hasara yake imepungua kwa zaidi ya asilimia 85 na maisha yake yamebadilika. 'Naishukuru kampuni kwa kuniwezesha kukuza kipato changu,' anasema kwa furaha."

Mmesikia? Nani kati yenu ameona dagaa hata mmoja katika maneno hayo? Nani anaweza kuniambia mama huyu alikuwa anapoteza nini, siku gani, kiasi gani?

Mhariri akipewa rasimu kama hii mara nyingi huanza juu. Anapangusa sentensi ya kwanza, anarekebisha ya pili, anashuka. Nawaomba msifanye hivyo. Anzeni na sentensi ya mwisho yenye namba. Kisa cha mteja kinasimama juu ya tokeo lake, na kama tokeo ni bovu, hakuna urembo wa mwanzo utakaokiokoa. Basi tunaishika ile "zaidi ya asilimia 85", tunaifungua, tuone ndani kuna nini.

Maswali ni manne, na mnayauliza kwa utaratibu huu huu. Hasara ya nini? Kutoka ngapi hadi ngapi? Lini na lini? Nani alihesabu?

Mwandishi anarudi Igombe na maswali yake. Mama anatoa daftari. Kumbe anachoita hasara ni magunia yaliyoshindwa kuuzwa kwa chakula cha watu. Dagaa wakiloa mvua au wakijaa mchanga, mnunuzi wa Mwaloni anawakataa, wanakwenda kwa watengenezaji wa chakula cha kuku kwa bei ya chini. Hawatupwi. Sasa tumepata kitu cha kushika mkononi: gunia lililoshuka daraja, kutoka mezani kwa mlaji hadi bandani kwa kuku. Tangu hapa neno "hasara" linatoka katika kisa, na "magunia yaliyoshuka daraja" yanaingia.

Kutoka ngapi hadi ngapi? Daftari linasema Machi 2024, mama akiwa bado anaanika mchangani, alikausha magunia 40, na 14 yakaenda kwa kuku. Vichanja vilifungwa Mei 2024. Julai 2024 alikausha magunia 45, na mawili tu yakaenda kwa kuku. Kutoka 14 hadi 2, upungufu ni asilimia 85 na ushei. Kwa hiyo mwandishi hakudanganya. Hesabu yake ni sahihi kabisa.

Lakini je, ni kweli?

Ndugu zangu wa ziwa hili, Machi ni mwezi gani kwetu? Ni masika. Na Julai je? Kiangazi, jua kali, mchanga mkavu. Hata asiye na kichanja anakausha dagaa vizuri Julai. Tukamwomba mama afungue kurasa za nyuma, Julai 2023, kabla hajawa na kichanja hata kimoja. Alikausha magunia 40, yaliyoshuka daraja yakawa matatu. Matatu mchangani, mawili kichanjani. Huo ndio msaada wa vichanja wakati wa kiangazi: mdogo. Sehemu kubwa ya ile asilimia 85 ilikuwa kazi ya jua, na kampuni imejipa sifa ya jua.

Hili ndilo kosa ninaloliona linaharibu visa vingi vya huku kwetu, na ndilo ninalotaka tulikalie kwa muda. Shughuli za ziwa zina misimu, na misimu inatembea yenyewe bila kusubiri kampuni ya mtu. Kisa kinapolinganisha kabla na baada, miezi miwili hiyo lazima iwe ya msimu mmoja. Masika na masika. Vuli na vuli. Kiangazi na kiangazi.

Na kwa dagaa kuna jambo la pili, ambalo mgeni hawezi kulijua asipoambiwa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti kitu, wavuvi wengi wanapumzika. Kazi iko kwenye giza. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo ukichukua wiki moja ya kabla iliyoangukia mbalamwezi na wiki moja ya baada iliyoangukia giza, utaandika kwamba biashara ya mteja imeongezeka mara tatu, na itakuwa ni mwezi tu umezama. Wenyewe wanahesabu giza kwa giza. Hesabuni nanyi hivyo, au chukueni mwezi mzima. Kamwe msichukue wiki.

Basi mwandishi wetu anaomba Machi 2025, masika ya kwanza ya vichanja. Magunia 40, yaliyoshuka daraja sita. Sasa tunalinganisha Machi na Machi: magunia 14 kati ya 40, kisha 6 kati ya 40. Ni asilimia 35, kisha asilimia 15.

Namba imepungua ukubwa, lakini imepata miguu ya kusimamia.

Hapa pana mtego mdogo wa maneno. Kutoka asilimia 35 hadi 15, mwingine ataandika "imepungua kwa asilimia 20", mwingine "kwa asilimia 57", na wote wawili wana hesabu yao. Wa kwanza ametoa 15 kwenye 35, akapata pointi 20 za asilimia. Wa pili amechukua upungufu wa magunia manane akaugawa kwa 14. Msomaji hajui upo upande gani. Dawa yake ni rahisi mno: andika namba zote mbili zenyewe, magunia 14 kati ya 40, kisha 6 kati ya 40, na umwachie msomaji. Anayenunua dagaa kila siku anahesabu magunia, na 14 na 6 anazielewa kabla hujamaliza kuzitaja. Asilimia iwekwe tu pale jumla mbili zinapotofautiana.

Swali la nne, nani alihesabu, na alihesabu kwa kipimo gani? Gunia si kipimo mpaka lipimwe. Mnajua lumbesa. Gunia la lumbesa na gunia lililofungwa sawasawa yote yanaitwa gunia, na mtu akibadili ufungaji katikati ya kisa, namba zako zote zimeoza. Muulize mama: mwaka jana ulikuwa unafunga lumbesa? Mwaka huu je? Akisema ufungaji haukubadilika, na risiti za mizani zinaonyesha kilo 40 kwa gunia miaka yote miwili, endelea. Akisema ulibadilika, acha magunia, nenda kwenye kilo.

Bado hatujamaliza na tokeo. Machi 2025, mvua ilikuwa sawa na Machi 2024? Labda masika ya pili yalikuwa mepesi. Labda sifa ni ya mawingu. Utajuaje? Unaweza kuomba takwimu za mvua Mamlaka ya Hali ya Hewa, na ni vizuri ukizipata. Lakini kuna ushahidi wa karibu zaidi ambao waandishi wanaupita wakienda kupiga picha: jirani. Yule anayeanika mchangani hatua 50 kutoka kwa mteja wako, anayenunua kwa mitumbwi ile ile na kunyeshewa na mvua ile ile. Katika kisa chetu, jirani alikausha magunia 36 Machi 2024, 12 yakashuka daraja. Machi 2025 alikausha 34, yakashuka 11. Theluthi moja mwaka wa kwanza, karibu theluthi moja mwaka wa pili. Kwake hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo kilichobadilika kwa mama hakikutoka angani.

Jirani mmoja si utafiti, na msiandike kama utafiti. Andikeni kwamba ni jirani mmoja. Hata hivyo sentensi hiyo moja inamjibu msomaji mgumu kuliko aya nzima ya sifa.

Na fedha je? Kampuni inataka shilingi, na inayo haki. Chukueni bei ya mfano: gunia la mlaji 150,000, gunia la kuku 60,000. Tofauti ni 90,000. Magunia manane yaliyookolewa, mara 90,000, ni shilingi 720,000 kwa Machi moja. Tumieni bei moja kwa miaka yote miwili, vinginevyo kupanda kwa bei ya dagaa sokoni kutaingia katika hesabu na kujifanya ni kazi ya kichanja. Halafu, tafadhali, tafadhali sana, msizidishe 720,000 mara 12. Nimeshaona mkono wa mtu unakwenda kwenye kikokotoo. Mara 12 ni zaidi ya milioni nane na nusu, inavutia, na ni uongo, kwa sababu Julai kichanja kiliokoa gunia moja tu. Fedha iliyopimwa masika ibaki na jina lake: ya mwezi mmoja wa masika.

Mtaona nimetumia muda mrefu kwenye tokeo. Ndivyo inavyotakiwa. Sasa turudi mwanzo, na mwanzo utakuwa mwepesi kwa sababu tayari tunajua mwisho.

Tatizo katika kisa cha mteja ni pacha wa tokeo. Wana sura moja. Kama mwisho unasema magunia yaliyoshuka daraja ni sita kati ya 40, mwanzo lazima useme yalikuwa 14 kati ya 40. Kitu kile kile, kipimo kile kile, msimu ule ule. Fanyeni jaribio hili: chukueni kalamu, pigeni mstari chini ya namba ya mwisho, kisha tafuteni pacha wake katika aya ya kwanza. Hayupo? Basi kisa hakijaanza bado. Kinyume chake pia ni kweli. Kama aya ya kwanza inalalamikia mchanga, mvua, mikopo na wezi wa usiku, na mwisho unajibu mvua na mchanga tu, ondoeni mikopo na wezi. Ni shida za kweli, na mama anaziishi, lakini kichanja hakikuzitatua. Ukiziacha, msomaji atazingoja mpaka mwisho, na hazitajibiwa.

"Changamoto mbalimbali" je? Neno hilo linafunika. Kila mnapolikuta, lifunueni muone chini yake kuna nini. Kwa mama wa Igombe chini yake kulikuwa na jambo hili: wingu likitanda juu ya ziwa, alikuwa anakusanya dagaa kwa ufagio ili awahi, na ufagio unazoa dagaa na mchanga pamoja. Mvua ikimkuta hajamaliza, waliobaki chini wanaloa. Njia mbili za gunia moja kushuka daraja, mchanga na maji, na zote zinaanzia chini, pale dagaa walipolala. Msomaji akiona ufagio ule, ameshaelewa kwa nini dagaa wainuliwe juu. Hujamwambia suluhisho, ameliona mwenyewe.

Lakini ikiwa mteja hakuandika kitu kabla kampuni haijaja? Hili linatokea mara nyingi, tusifichane. Namba ya mwanzo inaweza kufukuliwa. Tafuteni jumbe za malipo kwenye simu, maana mnunuzi wa chakula cha kuku analipa kwa simu na tarehe imo ndani. Tafuteni risiti za gari lililobeba mzigo hadi Mwaloni. Tafuteni daftari la madeni, hata kama mwenyewe anasema halina maana. Kama vyote hakuna, mnabaki na kumbukumbu ya mtu, na kumbukumbu iandikwe kama kumbukumbu: "anakumbuka kwamba karibu gunia moja kati ya matatu". Mkiivalisha kumbukumbu nguo ya takwimu, mkaandika asilimia 33.3, mmeiharibu.

Na historia ya kampuni iliyokuwa juu kabisa ya rasimu? Itolewe yote. Mwaka wa kuanzishwa, dira, mapinduzi, yote. Msomaji anayeanika dagaa Kayenze hatafuti dira, anatafuta mtu aliyekuwa na shida kama yake. Jina la kampuni litaingia lenyewe katika sehemu ya pili, pale linapofanya kazi.

Twende sasa kwenye hiyo sehemu ya pili, hatua iliyochukuliwa. Rasimu yetu ilisema nini? "Baada ya kujengewa uwezo na kupatiwa vichanja vya kisasa." Angalieni vitenzi hivyo: kujengewa, kupatiwa, kuwezeshwa. Kiswahili kinatupa kauli ya kutendwa, ni nzuri, lakini katika kisa cha mteja inamficha mtendaji. Nani alijenga? Nani alitoa? Mama alipewa bure au alinunua? Msomaji anayefikiria kutoa fedha yake anataka kujua hilo kabla ya kitu kingine chochote. Kwa kila kitenzi cha kutendwa katika sehemu hii, ulizeni: nani? Kisha rudisheni jina la mtu mbele ya tendo lake.

Tukifanya hivyo tunapata habari. Fundi wa kampuni alifunga vichanja 12 kwa siku mbili. Kila kimoja kina urefu wa mita 5 na upana wa mita 1 na sentimita 20, kimeinuliwa usawa wa kiuno, juu kimetandikwa wavu wa matundu madogo ili upepo upite chini na dagaa wasidondoke. Kila kichanja shilingi 90,000, na maturubai matatu kwa 40,000 kila moja. Jumla 1,200,000. Mama alilipa nusu siku ya kufunga, na nusu iliyobaki baada ya giza mbili. Hakuna neno "kisasa" hapo, na halihitajiki.

Na "kujengewa uwezo" ilikuwa nini? Hapa ndipo rasimu ilipotupa kipande kizuri kuliko vyote. Wiki ya kwanza vichanja havikufanya kazi. Mama alimwaga dagaa kwa unene aliozoea mchangani, wa chini hawakupata upepo, wakaanza kunuka kabla jua halijazama. Akapiga simu. Fundi akarudi, akamwonyesha kutandaza safu moja nyembamba, na kuwageuza jua linapopanda. Huo ndio uwezo uliojengwa: safu moja nyembamba. Kampuni ilitaka kuiondoa wiki hiyo kwa sababu inaonyesha kushindwa. Mhariri aipiganie ibaki. Kwa nini? Kwa sababu kila mteja mpya atafanya kosa hilo hilo wiki ya kwanza. Akilikuta katika kisa, ataandaa nafasi ya kutosha. Asipolikuta, atasema vichanja ni vibovu, na atawaambia jirani zake.

Sehemu ya hatua ina kipimo chake cha urefu. Iandikeni hadi msomaji aone ni kitu gani hasa kilichokata njia ya mchanga na maji, halafu simameni. Aina ya mbao, dawa ya mchwa kwenye nguzo, misumari, hayo yaende kwenye maelezo ya bidhaa. Nguzo zikioza kisa kingine kitaandikwa.

Kuhusu maneno ya mteja nitasema kidogo. "Naishukuru kampuni kwa kuniwezesha kukuza kipato changu." Mmewahi kumsikia mtu mwaloni akizungumza hivyo? Sentensi hiyo iliandikwa ofisini, akapelekewa mama aikubali. Rudini kwenye sauti mliyorekodi na mtafute pale anapozungumzia mikono yake. Katika kisa chetu ipo: "Wingu likitanda zamani nilikuwa nakimbia na ufagio. Sasa navuta turubai, naendelea kupika." Namba haiwezi kusema hivyo, ndiyo maana nukuu inahitajika. Kama nukuu inarudia kile namba ilichosema, kateni nukuu. Na msimtungie. Kama hakuna sentensi nzuri kwenye rekodi, mpigieni simu tena, au kisa kiende bila nukuu.

Na kabla ya kisa kutoka, someni rasimu yote kwa sauti mbele yake, kwa lugha anayoielewa vizuri, hata kama ni Kisukuma au Kikerewe, kisha mpate ridhaa yake kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na jina la mtu, sura yake na mapato yake ni taarifa zake. Mweleweni pia akisita kutaja shilingi. Mtu akitangazwa ameokoa 720,000, kesho ndugu, wadai na wakopeshaji wa kausha damu wote wamesoma. Mpeni chaguo: magunia yabaki, shilingi ziondoke. Kisa chenye magunia peke yake bado kimesimama, kwa sababu pacha wawili wapo.

Sasa nisikilizeni mkiangalia rasimu ile ya mwanzo. Hii ndiyo tuliyopata, mama akiwa ameridhia fedha zitajwe:

"Machi 2024, mfanyabiashara wa dagaa wa Igombe alikausha magunia 40 mchangani. Magunia 14 yalikataliwa na wanunuzi wa Mwaloni Kirumba kwa sababu ya mchanga na mvua, akayauza kwa chakula cha kuku. 'Wingu likitanda zamani nilikuwa nakimbia na ufagio,' anasema. Ufagio ulizoa dagaa na mchanga pamoja.

Mei 2024 alinunua kwetu vichanja 12 na maturubai matatu kwa shilingi 1,200,000, akalipa nusu mwanzo na nusu baada ya giza mbili. Fundi wetu alivifunga kwa siku mbili. Wiki ya kwanza dagaa walinuka kwa sababu walitandazwa kwa unene. Fundi alirudi, akamwonyesha kutandaza safu moja na kuwageuza. Mvua ikija sasa, anavuta turubai.

Machi 2025 alikausha tena magunia 40, ya uzito ule ule. Yaliyoshuka daraja yalikuwa sita. Kwa jirani yake mmoja anayeanika mchangani, karibu theluthi ya magunia yalishuka daraja Machi ya miaka yote miwili. Kwa tofauti ya shilingi 90,000 kwa gunia, magunia manane aliyookoa yalimpa shilingi 720,000 zaidi mwezi huo, yaani asilimia 60 ya gharama ya vichanja na maturubai. Wakati wa kiangazi tofauti ni ndogo: Julai 2023 mchangani yalishuka matatu kati ya 40, Julai 2024 kichanjani mawili kati ya 45. Sita yaliyoshuka daraja Machi 2025 yaliloa siku ambazo mvua ilidumu mchana kutwa, na turubai halikaushi dagaa."

Sentensi hiyo ya mwisho mkurugenzi atataka kuiondoa. Atasema inaharibu mauzo. Mwambieni kwa heshima kwamba mnunuzi wa Ukerewe atauliza yale sita yalikwenda wapi, na afadhali ajibiwe hapa kuliko ajijibu mwenyewe. Mkurugenzi akikataa kabisa, mpunguzieni maneno, lakini "mvua ilidumu mchana kutwa" ibaki, kwa sababu ndiyo inayomwambia mteja mpya kwamba bado atahitaji banda kwa siku za namna hiyo.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Walioleta rasimu zao, tusogeze viti mbele. Fungueni ukurasa wa mwisho, mpige mstari chini ya namba, halafu tuanze kumtafuta pacha wake.